Mita ya blowa na daftari la tope: kukagua kiwanda cha kutia nguo rangi

Wakaguzi wengi huchukua faili moja baada ya jingine: vibali, taka, umeme. Kila faili likisomwa peke yake huonekana safi. Mimi huyasoma kwa pamoja, kwa sababu maji, umeme na tope hupita katika mitambo ileile, na ni vigumu kuzipamba hesabu zote tatu zikakubaliana.

Nachukua mfano wa kiwanda cha Tanzania cha kutia nguo rangi, chenye kisima chake, boila ya mafuta mazito na mtambo wa kusafisha majitaka. Tarakimu ni za mfano, lakini ni za kiwango utakachokutana nacho.

Vibali kwanza, ila usiishie kwenye tarehe ya mwisho. Cheti cha mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004 huja na masharti, na masharti ndiyo yanayokaguliwa. Angalia uzalishaji uliotajwa, kisha uulinganishe na mashine zilizopo leo. Kiwanda kilichoombewa mashine 4 za rangi na sasa kina 7 kina cheti cha kiwanda kingine. Jina la mmiliki nalo litazame, maana kampuni ikiuzwa cheti husahaulika kwenye droo na jina la zamani. Halafu kuna kibali cha kutumia maji na kile cha kutiririsha majitaka, ambavyo hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Andika kiasi kilichoruhusiwa pembezoni mwa daftari lako. Utakirudia mara nyingi. Kwa mfano wetu, kibali cha kisima kinasema meta za ujazo 250 kwa siku.

Sasa nenda kwenye mita ya kisima. Tofauti ya usomaji wa mwanzo na mwisho wa mwezi ni 7,800, siku za kazi 26, basi ni 300 kwa siku. Kibali kimeshazidiwa kwa 50, lakini hilo ndilo dogo. Rejista ya mtambo wa majitaka inaonyesha yametoka 180 kwa siku. Yale 120 yameenda wapi?

Jibu utakalopewa ni kwamba yamekuwa mvuke. Lipime. Lita moja ya mafuta mazito, kwenye boila yenye hali nzuri, hutoa kama kilo 12 za mvuke. Boila ikila lita 1,500 kwa siku, mvuke ni tani 18, yaani meta za ujazo 18 hata kama hakuna tone linalorudi kwenye tangi. Kitambaa tani 5 kikitoka kwenye vikamulio na maji ya asilimia 70 ya uzito wake, kinaondoka na 3.5 nyingine, zinazokaukia kwenye mashine ya kukaushia. Vyoo na kunawa kwa wafanyakazi 150, kama vinaelekea kwenye shimo lao, weka 7.5. Jumla 29. Zimebaki 91 zisizo na maelezo.

Kabla ya kumshutumu mtu, shuku mita ya kutokea. Mita ya sumaku husoma uongo bomba lisipojaa, na mara nyingi hufungwa kwenye bomba lililolala ambalo hujaa nusu tu. Kama mfereji wa kutokea una bamba lenye mkato wa V wa digrii 90, pima kina cha maji juu ya ncha, hatua chache kabla ya bamba: sentimeta 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Ukiona mita inakubaliana na bamba, funua mifuniko ya mifereji ya mvua siku ya jua kali. Mfereji wa mvua wenye maji ya uvuguvugu wakati wa kiangazi umeshajieleza.

Tuje kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo. Usafishaji wa kibaiolojia unategemea blowa inayopuliza hewa kwenye bwawa la vijidudu. Ikizimwa kwa saa nyingi, vijidudu hukosa oksijeni, tope huwa jeusi na harufu ya yai viza hupanda. Umeme wake ni ghali, kwa hiyo blowa ndicho kitu cha kwanza kuzimwa msimamizi akiambiwa apunguze bili. Kibao cha mota kinasema kilowati 15; ukipima kwa mita ya kubana waya unapata 12. Ikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30 ingetumia uniti 8,640. Mita ndogo ya mtambo inaonyesha 2,900.

2,900 gawa kwa 12 ni saa 242, kama saa 8 kwa siku. Zamu moja. Wengi wangeandika hapo hapo kwamba blowa huzimwa usiku. Lakini 2,900 pia ni karibu theluthi ya 8,640, na theluthi ina maana yake kwa fundi umeme. Mita ya fezi tatu inayotumia transfoma ndogo za kupimia mkondo, moja ikifungwa kinyume, husoma theluthi ya matumizi halisi mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote. Ikipotea volteji ya fezi moja, husoma theluthi mbili. Jaribio ni la saa moja: blowa iwe inafanya kazi, uandike mita mwanzo na mwisho. Ikisogea 12, mita ni nzima na blowa kweli huzimwa. Ikisogea 4, blowa haina kosa. Uliza pia kama kuna kifaa cha kubadili mwendo wa mota, kwani hicho hupunguza umeme kihalali.

Tuseme imesogea 12. Mtu wa tatu wa kuulizwa ni tope. Maji yaliyopita mtamboni kwa mwezi ni meta za ujazo 4,680. Ripoti za maabara zinasema chembe ngumu huingia zikiwa miligramu 400 kwa lita na kutoka zikiwa 80, chini ya kikomo cha 100. Tofauti ya 320 inazaa tani 1.5 za tope kavu. Likitoka kwenye kikamulio likiwa na asilimia 20 ya kitu kigumu, ni tani 7.5, bila kuhesabu shabu iliyotiwa. Daftari la taka lina tani 2. Kapime kwanza tope lililorundikwa kwenye vitanda vya kukaushia. Kama havina kitu, basi ripoti ya maabara inaeleza maji ya saa nne asubuhi, blowa ikiwa imewashwa, na si maji ya usiku.

Kwenye hati za kusafirisha tope hilo, linganisha uzito na risiti ya mizani. Safari sita za miezi sita, zote zenye kilo 2,000 kamili, zimeandikwa mezani.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi kwenye oili chafu. Jenereta yenye saa 1,500 kwa mwaka, ikibadilishwa oili lita 60 kila saa 250, huzalisha lita 360. Rejista ikiwa na 40, uliza nani anapaka mbao zake dhidi ya mchwa.

Kwenye ripoti usiandike “kiwanda kinamwaga maji machafu usiku”, kwa sababu hukuona. Andika usomaji wa mita, saa na tarehe, jaribio la saa moja, kina cha maji kwenye bamba, na meta za ujazo 91 kwa siku ambazo kiwanda hakikuweza kuzieleza.