Moja kwa Kumi na Mbili Si Digrii Kumi na Mbili

Fundi mmoja hapa Ngamiani, Tanga, amemwambia mwenye duka kwamba njia ya kiti mwendo "inatakiwa iwe na mteremko wa kumi na mbili". Kumi na mbili ya nini? Hakusema, na mwenye duka hakuuliza. Nimelisikia neno hilo likitajwa hivyo hivyo, bila kichwa wala miguu, mara nyingi mno, na sasa zege linamwagwa kwa kulifuata.

Mteremko ni uwiano wa kimo unachopanda na urefu unaokwenda mbele, ukipimwa kwa usawa wa chini. Kipimo kinachotumika sana kwa viti mwendo ni 1:12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inalipiwa na sentimita 12 za kwenda mbele. Basi. Shida ni kwamba namba hiyo 12 watu wengine huisoma kama asilimia, wengine kama digrii, na hivyo ni vitu vitatu mbalimbali.

Tuchukue duka lenyewe. Baraza lake liko sentimita 45 juu ya barabara. Kwa 1:12 unazidisha 45 kwa 12, unapata sentimita 540, yaani mita 5 na sentimita 40. Kwa asilimia 12 unagawanya 45 kwa 0.12, unapata mita 3 na sentimita 75. Kwa digrii 12 unagawanya 45 kwa tan(12), inabaki mita 2 na sentimita 12 tu. Baraza ni lile lile, kimo ni kile kile, lakini njia ya mwisho haifiki hata nusu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana mafundi huipenda: inakula saruji kidogo na haiingii barabarani.

Anayekaa kwenye kiti ndiye anayelipa hiyo tofauti. Mtu na kiti chake wakiwa kilo 90, kwenye 1:12 anayewasukuma anabeba kama kilo 7 na nusu za uzito huo, mbali na msuguano wa magurudumu. Kwenye digrii 12 anabeba karibu kilo 19, na anayejisukuma mwenyewe kwa mikono anaweza kuinuka magurudumu ya mbele akaanguka chali. Kushuka kwake ni balaa jingine.

Ukipewa sharti kwa pembe, 1:12 ni digrii 4.76, chini ya tano. Kwenye kikokotoo bonyeza 45 ÷ tan(4.76) na utarudi kwenye zile 540. Hakikisha juu ya kioo pameandikwa DEG, la sivyo utapata jibu la ajabu. Na wanaobishana kama urefu upimwe chini au juu ya zege lenyewe wasipoteze muda: kwa njia hii tofauti haifiki sentimita mbili.

Kinachostahili ubishi ni zile 45. Zimepimwa wapi? Wengi hushusha tepu kutoka ukingo wa baraza hadi ardhini hapo hapo mguuni, wakati njia itaishia zaidi ya mita tano mbele. Ardhi ikiwa imeshuka sentimita 9 kufika huko, kimo cha kweli ni 54, na njia inadai karibu mita 6 na nusu. Nayo ikirefuka hivyo huenda ardhi ikazidi kushuka, kwa hiyo pima tena pale itakapoishia. Vuta mpira wa maji kutoka usawa wa baraza hadi hapo, ndipo uandike kimo.

Nafasi ikikosekana, njia hukunjwa ikafuata ukuta: vipande viwili vya mita 2 na sentimita 70, katikati pakiwa na sehemu tambarare ya mita moja na nusu ya kugeuzia kiti. Hiyo tambarare haipandishi chochote, kwa hiyo usiihesabu ndani ya zile 540. Wanaoihesabu hujikuta wamebakiwa na mteremko mkali bila kujua umetoka wapi.

Kuikagua iliyokwisha kujengwa hakuhitaji hesabu. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, kichwa kimoja kiguse zege upande wa juu, kingine ukiinue hadi pima maji itulie katikati. Pengo chini ya kichwa hicho lisizidi sentimita 10. Likifika 25, fundi alisikia digrii.

Kwa hiyo, fundi wangu, hiyo kumi na mbili unaikumbuka vizuri, ila usiiache peke yake. Sema "moja kwa kumi na mbili", na mwenye duka aone tepu ikifika mita 5 na sentimita 40 kabla hujachanganya zege.