Mtungi wa Gesi Ukiwa Ndani ya Moto: Ondokeni, Msiangalie

Chuma kizito vile, kinapasukaje?

Ndani ya mtungi gesi imegandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Moto ukiuzunguka, kimiminika huchemka na mgandamizo hupanda. Chini, kimiminika hukipoza chuma. Juu hakuna cha kukipoza, kwa hiyo kinalainika na kuchanika. Gesi yote hutoka kwa mkupuo, lita moja ikigeuka lita 250 hivi za mvuke, nao hushika moto. Vipande vya chuma huruka mbali kuliko moto wenyewe.

Si mtungi una valvu ya usalama?

Wodini swali hili naulizwa kila mara. Valvu hupunguza mgandamizo, haipozi chuma. Tena kadiri inavyotoa gesi, kimiminika hupungua, na chuma kisichopozwa huongezeka. Mtungi unaopiga mluzi hauko salama. Mluzi ukizidi ukali, kimbieni.

Mimi nipo ng'ambo ya barabara, naangalia tu. Kuna shida?

Ipo, na kubwa. Kijana mmoja tuliyemtibu alikuwa akisubiri chipsi Manzese. Mafuta ya karai yaliwaka, kibanda kikashika, mtungi wa kilo 15 ukabaki katikati. Muuzaji alitoka bila mchubuko. Kijana akavuka barabara, akatoa simu, akarekodi. Aliungua uso na mikono, ila viganja vyake kwa ndani vilikuwa vizima kabisa, maana vilikuwa vimeishika simu.

Kwa hiyo nasema tena: ondokeni. Nendeni mita 200, yaani urefu wa viwanja viwili vya mpira, nyuma ya ukuta imara. Mtaani kwetu nyumba zimebanana, basi pita mtaa wa pili, na mwenye watoto awatangulize. Mtungi unaweza kupasuka ndani ya dakika chache. Ukishafika mbali ndipo upige 114, Zimamoto, uwaambie kuna mtungi ndani ya moto.

Tukiuvuta nje kwa haraka?

Hapana. Kama kinachowaka ni kwenye regyuleta tu na koki inashikika, ifunge. Mtungi ukishazungukwa na moto, usiuguse. Hata moto ukizimika usiuguse. Ukiwa bado wa moto unaweza kupasuka. Waachie Zimamoto waupoze kwa maji.

Aliyeungua tumpake nini kwanza?

Msimpake chochote. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya taa, vyote tumeshavikwangua kwenye vidonda, na mgonjwa akilia. Mmwagilieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vueni pete na saa kabla mkono haujavimba, kisha hospitali. Sauti ikikwaruza, au puani mkiona masizi, msingoje hata maji yaishe: njia ya hewa inaweza kuvimba na kuziba akiwa bado anaongea.