Mtahiniwa akilazwa au akiwa gerezani, karatasi humfuata

Wakati wa mtihani wa KCSE, simu za aina hii huja alfajiri. Mwalimu mkuu anasema msichana wake wa kidato cha nne amejifungua usiku, na saa mbili asubuhi anatakiwa kuandika Insha, yaani karatasi ya Kiswahili 102/1. Huwa namuuliza kwanza: daktari anasema anaweza kukaa na kuandika? Asipoweza, hatupeleki karatasi, hata mzazi asisitize vipi.

Akiweza, mwalimu mkuu humjulisha mara moja mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Huyo ndiye anayepanga msimamizi na afisa wa polisi wa kwenda hospitalini. Karatasi hutoka kwenye kontena lilelile la kaunti ndogo linalohifadhi mitihani ya shule zote, ikasafiri katika bahasha iliyofungwa. Wodini tunatafuta chumba cha pembeni. Kikikosekana, tunavuta pazia. Simu zote huondolewa, mama wa msichana hutoka nje na mtoto mchanga, na muuguzi huingia kwa kazi yake tu. Mtoto akilia kwa njaa, msichana huletewa amnyonyeshe, msimamizi akiwapo, kisha huendelea kuandika.

Jambo moja huwachanganya wengi: msichana huyu hajahama kituo. Anaandika nambari yake ileile ya tarakimu 11, yenye nambari ya shule yake mwanzoni, na karatasi yake ya majibu hurudishwa kuungana na za wenzake. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasimhamishe mgonjwa hadi hospitali ya kaunti nyingine bila kuiarifu shule. Msimamizi akifika na kukuta kitanda kitupu, mtahiniwa huhesabiwa kuwa hakufanya karatasi ile.

Pagumu zaidi ni mtihani wa vitendo. Kemia 233/3 ina alama 40 kati ya 200 za somo zima, nayo huhitaji kemikali na mara nyingi moto, na huwezi kuwasha moto wodini karibu na mitungi ya oksijeni. Kwa hiyo karatasi hiyo iulizieni mapema, hasa kwa mgonjwa aliyelazwa kwa muda mrefu, ili daktari aseme kama anaweza kufikishwa maabara kwa saa chache kisha arudishwe.

Gerezani mambo ni tofauti. Magereza kama Kamiti na Naivasha ni vituo vilivyosajiliwa, na wafungwa huandika mtihani humo humo. Askari jela hulinda usalama, lakini mtihani wenyewe husimamiwa na walimu kutoka nje. Mfungwa aliyeachiliwa baada ya usajili bado kituo chake ni gereza, kwa hiyo hurudi pale kuandika, safari hii akiingilia lango la wageni. Mwanafunzi wa shule aliyekamatwa wiki ya mtihani, kwa upande wake, hushughulikiwa kama yule msichana wa wodini: hubaki na nambari ya shule yake. Familia yake isingoje siku ya kesi. Imwarifu mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na kumweleza kituo cha polisi au rumande anakozuiliwa.