Kidokezo kisicho na mpaka

“Kila kidokezo cha chemshabongo za kimafumbo za Waingereza hugawanyika: maana ya jibu upande mmoja, mchezo wa herufi zake upande wa pili.”

Kwa vingi ni kweli, ila aina iitwayo &lit. haina mpaka huo. Nimetunga hiki: “Mwanzoni, mlezi aliyebeba mimba akakunyonyesha! (4)”. “Mwanzoni” hutaka herufi za kwanza za maneno yanayofuata: M, A, M, A. Tena sentensi nzima, pamoja na “mwanzoni” yenyewe, inamweleza MAMA.

Wajuzi huihisi wanapokosa pa kuikata sentensi. Alama ya mshangao haitoshi kuitambulisha, maana hutumika hata kwenye utani. Funika neno mojamoja: kila moja lazima lihitajike kwenye herufi na kwenye maana. Likipatikana lisilogusa herufi, hiyo ni nusu tu ya &lit.