"Amechukua baadhi": kwa nini mtoto wa miaka 5 husema ni kweli

Mwezi uliopita nilikaa mkekani na mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 5, mbele yetu sahani yenye maandazi sita. Tulikuwa na wanasesere wawili wa kitambaa, sungura na kobe. Nikamfanya sungura ayatie kapuni maandazi yote, moja baada ya jingine, na binti akiyahesabu kwa sauti. Kisha kobe akasema: "Sungura amechukua baadhi ya maandazi." Nikamuuliza binti kama kobe amesema kweli.

"Ndiyo, mjomba. Si amechukua?"

Dada yangu, aliyekuwa anatusikiliza kutoka jikoni, akapinga palepale: "Baadhi? Kachukua yote huyo!"

Kazi yangu ni isimu ya lugha ya watoto, na majibu hayo mawili nimeyasikia mara nyingi. Yote mawili yana msingi. Kwa maana ya neno lenyewe, binti yuko sahihi, kwa kuwa aliyechukua yote sita amekwisha kuchukua na baadhi yake. Dada yangu anaongeza kitu ambacho neno halikisemi. Anafikiri hivi: kobe ameona kila kitu, kama sungura angechukua yote, kobe angesema "yote", nalo ni neno fupi na jepesi, hakulisema, basi si yote. Mwanafalsafa Paul Grice aliieleza njia hii ya kufikiri katika mihadhara yake ya mwaka 1967, na miaka michache baadaye Laurence Horn akaonyesha kwamba maneno kama "baadhi" na "yote" hukaa katika ngazi moja, la chini na la juu. Ukitumia la chini, msikilizaji anaelewa kwamba la juu halifai. Maana hiyo ya ziada tunaiita udokezi wa ngazi. Na ni udokezi kweli, kwa sababu unaweza kuufuta bila kujipinga: "Amechukua baadhi, tena amechukua yote."

Mwaka 2001 Ira Noveck alichapisha utafiti uliofanywa kwa Kifaransa. Washiriki walipewa sentensi kama "Baadhi ya twiga wana shingo ndefu" waseme wanakubali au hawakubali. Watoto wa takribani miaka 8 walikubali kwa asilimia 89, wa miaka 10 kwa asilimia 85. Wengi huishia hapo, wakihitimisha kwamba watoto hawajui. Mimi huwaomba watazame na takwimu ya watu wazima: nao walikubali kwa asilimia 41. Kwa hiyo hakuna upande mmoja wenye jibu na mwingine wenye kosa. Kuna maana mbili, ya neno na ya udokezi, na watoto huegemea ya kwanza kuliko sisi.

Huenda ukafikiri mtoto hajali usahihi, anakubali tu chochote anachoambiwa na mkubwa. Anna Papafragou na Julien Musolino waliwapima watoto wa miaka 5 wanaozungumza Kigiriki. Farasi wote wanaruka kizuizi, kisha mwanasesere anasema baadhi yao wameruka. Watoto walimkataa kwa asilimia 12.5 tu. Lakini aliposema "wawili" wakati walikuwa watatu, walimkataa kwa asilimia 65. Watoto wa umri uleule, michezo ya namna ileile. Anayesema "wawili" anasahihishwa, anayesema "baadhi" anaachwa apite. Namba mtoto amefundishwa kwa mfululizo, moja, mbili, tatu, na ukimtajia mbili, tatu iko jirani kichwani mwake. "Baadhi" hakuna aliyemfundisha kwa kulipanga na "yote".

Ushahidi wa jambo hili ninaoupenda zaidi ni wa David Barner na wenzake, wa mwaka 2011. Watoto wa miaka 4 walionyeshwa picha ya wanyama watatu, paka, mbwa na ng'ombe, wote wamelala. Wakaulizwa kama ni baadhi tu ya wanyama waliolala. Angalia hilo neno "tu". Kwa mtu mzima sentensi sasa si ya udokezi tena, ni uongo wa wazi, maana "tu" inafungia nje wote. Watoto waliendelea kusema ndiyo. Walipoulizwa kama ni paka na mbwa tu waliolala, wengi wakasema hapana, kwa kuwa na ng'ombe amelala. "Tu" wanaijua vizuri, basi. Kinachowashinda ni kwamba wakisikia "baadhi", neno "wote" haliji akilini ili "tu" ipate cha kukifungia nje. Ng'ombe wanamwona kwenye picha. "Wote" inabidi waivute wenyewe kutoka kwenye msamiati wao.

Nikarudi kwa yule binti wa mkekani. Nikamuuliza: "Sungura akichukua yote, tunasemaje?" "Amechukua yote." "Na kobe kasemaje?" Akanyamaza, akachungulia kapuni. "Kasema baadhi." Akamshika kobe mkononi. "Hajasema vizuri huyu." Mtoto mmoja hathibitishi kitu, lakini ukimya ule ndio niliokuwa nikiungoja. Neno la juu lilipowekwa mbele yake, alililinganisha mwenyewe na lile la kobe, bila kuambiwa afanye hivyo.

Tena ona alivyosema: "hajasema vizuri", hakusema "kadanganya". Napoleon Katsos na Dorothy Bishop waliliona jambo hili mwaka huohuo wa 2011. Watoto wa miaka 5 na 6 walipotakiwa kusema sawa au si sawa, sentensi za "baadhi" zisizotosheleza walizikataa kwa takribani robo tu. Halafu swali likabadilishwa. Safari hii walimtuza mtu wa mapangoni anayejifunza Kiingereza, kwa stroberi ndogo, kubwa, au kubwa sana, kadiri alivyosema vizuri. Sentensi ya uongo ilipewa ndogo, iliyokamilika ikapewa kubwa sana, na ile ya "baadhi" watoto waliipa ya katikati, kama walivyofanya watu wazima. Pengo walikuwa wakilihisi. Swali la ndiyo au hapana halikuwaachia pa kulionyesha, nao hawakuona kuwa ni kosa kubwa la kumwita mtu mwongo.

Kwa Kiswahili kuna tatizo jingine, ambalo mtafiti akilipuuza atapima kitu kisichohusika. "Baadhi ya" ni maneno ya vitabuni na ya taarifa ya habari. Nyumbani mtoto husikia "amechukua mengine" au "amechukua kidogo". Ukimpa "baadhi" naye akakubali, pengine hajalielewa neno lenyewe. Ukikimbilia "mengine", umeingia mtego wa pili, kwa sababu "amechukua mengine" inaweza pia kumaanisha amechukua maandazi tofauti na haya. Ndiyo maana kabla ya mchezo wa kapu huwa naanza na agizo: "Mpe kobe baadhi ya maandazi." Binti alimpa mawili, manne akayaacha sahanini, kwa hiyo neno analijua. Mtoto anayempa yote sita, au anayeniuliza "baadhi ndiyo nini?", simuulizi kabisa swali la kweli au si kweli.

Na walimu wanaotunga maswali ya "kweli au si kweli" yenye sentensi kama "Baadhi ya ndege wana manyoya", nawaomba waliondoe swali hilo kwenye mtihani. Mtoto aliyeweka "kweli" na aliyeweka "si kweli" wote wana hoja, na alama moja haiwezi kuonyesha nani alifikiri nini.