Hedhi na Michezo: Mpimeni Damu Kabla ya Kumtoa Uwanjani

Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo huku Eastlands. Maswali haya huulizwa na wasichana, mama zao na walimu wao wa michezo, na mengine nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba sauti yangu imeanza kupanda.

Mtoto akiwa kwenye siku zake, si akikimbia damu itatoka zaidi?

Haiongezeki. Hedhi ni utando wa ndani ya tumbo la uzazi. Mwili huujenga kila mwezi, na mimba isipotungwa utando huo hubomoka na kutoka na damu. Kukimbia hakuujengi upya. Kinachowatisha wasichana ni ile damu inayoshuka kwa ghafla wakiinuka dawatini au wakianza kuruka. Hiyo ilikuwa imetulia ukeni walipokuwa wamekaa, na ingeshuka hata kama wangekuwa wanaelekea tu stendi ya matatu. Hairudi kichwani, wala mazoezi hayamfanyi msichana tasa. Hadithi hizo nimezisikia Dandora na nimezisikia Lavington, kwa hivyo tusiusingizie umaskini.

Na maumivu je? Binti yangu hujikunja kitandani siku ya kwanza.

Tumbo la uzazi hujikaza ili kuusukuma ule utando nje, na kemikali zinazolikaza huitwa prostaglandini. Brufeni huzuia zisitengenezwe, ndiyo sababu hunywewa maumivu yanapoanza, si baada ya nusu siku ya kulia. Kwa msichana wa shule ya upili asiye na vidonda vya tumbo wala pumu, miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa 8, kwa siku mbili au tatu, humtosha. Kutembea kwa mwendo wa haraka na kunyoosha viungo pia hulegeza maumivu. Akitaka kupumzika siku hiyo moja, mwacheni apumzike. Maumivu yakimzuia kwenda shule kila mwezi hata baada ya dawa, mleteni tumwone.

Juzi msichana wangu wa handiboli alizimia mazoezini akiwa kwenye hedhi. Sasa nimeamuru wote walio kwenye siku zao wakae benchi. Nimekosea?

Umekosea, mwalimu, ingawa nia yako ni njema. Hedhi ya kawaida haimwangushi mtu. Msichana akizimia, kuna kitu kinachotaka kupimwa, na kumkalisha benchi ni kukifunika.

Nikueleze kuhusu mmoja niliyemwona mwenyewe, wa miaka 15, naye ni wa handiboli. Alianza kwa kuchoka, akawa anahema kwa kupanda ngazi za ghorofa ya pili tu. Kocha akamwambia apunguze mazoezi "siku zile". Nyumbani akaambiwa atazoea. Miezi saba ikapita hivyo. Alipoanguka uwanjani ndipo akaletwa, na mama yake akaniomba barua ya kumtoa kwenye michezo.

Sikuandika barua. Nilimuuliza anatumia pedi ngapi. Akasema siku ya pili na ya tatu huvaa mbili kwa pamoja na bado zinajaa kabla ya kengele ya mapumziko. Usiku hutandika leso. Damu hukaa siku tisa. Nikamvuta kope la chini, lilikuwa jeupe kama karatasi. Tulimdunga kidole, hemoglobini ikasoma 7.2. Msichana wa umri wake anapaswa kuwa na 12 au zaidi. Yaani alikuwa akicheza handiboli na damu iliyopungua kwa zaidi ya theluthi moja, na watu wazima watatu walikuwa wakibishana kama mazoezi ni mabaya.

Nitajuaje kwamba damu imezidi? Mimi nilitoka nyingi, na shosho yake pia.

Huenda nanyi mlihitaji matibabu mkayakosa. Pedi ikijaa kabisa ndani ya saa mbili au chini ya hapo, saa baada ya saa, hiyo imezidi. Akilazimika kuvaa mbili kwa pamoja, imezidi. Ikipita siku saba, imezidi. Mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini, imezidi.

Lakini si itapungua yenyewe akikua?

Kwa wengine hupungua, kwa sababu miaka miwili mitatu ya mwanzo mayai hayapevuki kila mwezi na utando huwa mnene kupita kiasi. Lakini damu anayoipoteza mwezi huu haingoji akue. Msimwambie atazoea. Msimwambie ataacha akizaa; anayeanza mimba akiwa na hemoglobini ya 7 anaiingia akiwa hatarini. Pedi ikijaa ndani ya saa mbili, mleteni mwezi huo huo. Zipo dawa za kupunguza damu hiyo, na daktari humchagulia baada ya kumpima. Na akiwa anatoka damu kwa wingi huku ana kizunguzungu, moyo unamwenda mbio au amezimia, msingoje hata kesho.

Nimpe juisi ya bitiruti?

Mpe kama anapenda ladha yake. Rangi nyekundu haigeuki damu. Anachohitaji ni madini ya chuma. Yule msichana tulimpa kidonge kimoja kila siku, anywe na maji au chungwa. Kinyesi kitakuwa cheusi, asishtuke na kuacha dawa.

Adui mkubwa ni chai. Nairobi tunakunywa chai na kila kitu, na chai hukamata chuma tumboni kisiingie mwilini. Chai ikae mbali na kidonge na mlo kwa saa moja hivi au mbili. Omena, maini, maharagwe na ndengu ni chakula chake. Kisha nikamuuliza kwa upole kama anatafuna odowa. Akamtazama mama yake, akakubali: mawe ya shilingi kumi kila siku, yananunuliwa sokoni kama peremende. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua, na udongo wenyewe huzuia kingine kisiingie. Kama mtoto wako anatafuna odowa, usimgombeze tu, mpeleke akapimwe damu.

Mechi ikiangukia siku zake, anachezaje?

Abadilishe pedi kabla ya filimbi na wakati wa mapumziko, avae bukta nyeusi inayobana, na awe na pedi ya akiba begini. Paula Radcliffe alivunja rekodi ya dunia ya maratoni Chicago mwaka 2002 huku tumbo la hedhi likimkata.

Huyo wa 7.2 mlimruhusu kucheza?

Si mara moja. Tulimsimamisha mazoezi makali, na nikamwandikia mwalimu wake sababu waziwazi: damu imepungua, si kwa kuwa yuko kwenye hedhi. Alitembea, alirusha mpira akiwa amesimama, alibaki kwenye timu. Baada ya wiki nne alisoma 9.1, akaanza kukimbia taratibu. Mwezi wa tatu alisoma 12.1, akarudi kikosini, na mwezi huo alicheza akiwa kwenye siku zake. Vidonge aliendelea navyo miezi mitatu zaidi ili akiba ya chuma ijae. Hapo ndipo wengi huacha, kwa sababu mtoto anasema yuko sawa, kisha mwaka unaofuata ninamwona tena akiwa na kope jeupe.