Kufuta kutu kwenye picha ni kuongeza pesa

Wiki iliyopita nimeambiwa tena: "Mwanangu, ajali si imetokea kweli? Picha tumeisafisha tu." Aliyesema ni mzee mwalimu mstaafu, mtu niliyemwamkia shikamoo kabla sijafungua faili lake, na alisema bila aibu yoyote kwa sababu aliamini kwa dhati kwamba hajakosea. Mimi ni mtathmini wa hasara za magari hapa Dar es Salaam; nakagua magari ya wanaodai bima na picha wanazotuma. Hiyo "tumeisafisha tu" nimeisikia kwa vijana, kwa kina mama wenye maduka, na mara moja kwa mwanasheria. Leo nimechoka, naandika.

Wanaochora mkwaruzo usiokuwepo siwazungumzii sana. Hata wao wanajua wanachofanya. Wanaonisumbua ni wa upande wa pili, wale wanaofuta. Mtu anaona kuongeza uharibifu ni wizi, ila kuondoa anaona kama unadhifu, sawa na kuosha gari kabla ya kulipeleka gereji. "Nimepunguza, sijaongeza, sasa nimemwibia nani?"

Twende kwenye gari la mzee. Ni Toyota IST ya rangi ya fedha, ina bima kubwa. Imegongwa na bajaji kwenye foleni ya Mbagala, kona ya nyuma kushoto. Ajali ni ya kweli, trafiki walipima, dereva wa bajaji alikiri. Bampa limepasuka, taa ya nyuma imevunjika, na chini ya ubavu kuna bonde. Gereji ilikadiria hayo shilingi 720,000. Juu ya bonde hilo, kama mkono mmoja hivi, kulikuwa na bonde la pili, nalo lilikadiriwa 380,000 kunyoosha na kupiga rangi. Jumla 1,100,000. Kwenye picha alizotuma, mabonde yote mawili yalikuwa safi, mapya, kana kwamba yamezaliwa siku moja.

Bodi ya gari yenye rangi nzima ni kioo. Ukilipiga picha karibu na ukuta wa matofali, mistari ya matofali inaonekana ndani ya rangi, na ikifika kwenye bonde inapinda kulifuata. Kwenye bonde la chini mistari ilipinda vizuri na kwenye ufa bati lilikuwa jeupe. Kwenye bonde la juu mistari ilifika ukingoni ikapotea, katikati pakawa na doa laini kama uji, halafu mistari ikaanza tena upande wa pili. Hata ile chengachenga ndogo ambayo kamera ya simu huacha kila mahali haikuwepo hapo. Mtu alikuwa amechota rangi ya jirani akapakia juu ya kitu.

Nikaenda gereji. Kitu chenyewe kilikuwa kutu. Nilipitisha kidole ikabanduka kama ganda la samaki mkavu, ndani yake vumbi na utando wa buibui. Bati la Dar lililochubuka linaanza kupata wekundu ndani ya siku chache, hasa ukikaa upande wa bahari, lakini kutu ya kubanduka vipande na kupangisha buibui si ya ajali ya wiki iliyopita. Nikapima kimo. Bonde la chini lilikuwa sentimita 58 kutoka ardhini, likiwa na alama nyeusi ya mpira. La juu lilikuwa sentimita 84, na pembeni yake pana chembe za rangi ya bluu. Bajaji ile ilikuwa njano. Nikarudi kwenye simu, nikafungua picha ya tatu aliyotuma mwenyewe: nyuma ya gari kuna geti la nyumbani, la bluu, lenye mchubuko wa rangi ya fedha kwenye nguzo. Hilo mjukuu wake, aliyemsafishia picha, alilisahau.

Sasa, kwa nini hili ni udanganyifu na si usafi? Kwa sababu bima hailipii bonde. Inalipia bonde lililotokana na tukio fulani, tarehe fulani, ndani ya muda wa mkataba. Kutu ndiyo tarehe ya bonde. Ukiifuta, umebadilisha tarehe ya tukio, na umebadilisha nani anadaiwa 380,000. Ndiyo maana nasema aliyefuta kaongeza.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 301, inaueleza uongo wa namna hii kuwa ni kumwonyesha mtu jambo lisilo kweli, lililopita au lililopo, kwa maneno, maandishi au matendo, huku ukijua si kweli. Kifungu cha 302 kinafuata na kosa la kujipatia mali kwa njia hiyo. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo watu wanadhani ni ya matusi ya mitandaoni tu. Kifungu cha 11 kinahusu kughushi kwa kompyuta: kubadilisha au kufuta data ili ichukuliwe kuwa halisi. Kinataja kufuta, wala hakiulizi kama bajaji ilikugonga kweli. Ukikamatwa kabla ya kulipwa hujaponea pia, maana kujaribu kosa nako ni kosa.

Na kuna mkataba wenyewe. Mikataba mingi ya bima ya magari ina sharti, kwa kawaida kurasa za mwisho ambako hakuna anayefika, linalosema kwamba dai likiwa na udanganyifu kwa namna yoyote, au njia au hila ya udanganyifu ikitumika kulipata, mafao yote yanapotea. Yote, hata kile kipande cha kweli. Uingereza mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya mtu aliyeibiwa kweli vitu vya kama pauni 16,000, akaongezea risiti ya kughushi ya kompyuta ya pauni 2,000. Alikosa hata zile 16,000.

Hapa niwe mkweli, maana vitabu vya mafunzo vinapita haraka. Mahakama ya Juu ya Uingereza, mwaka 2016, iliamua kesi ya meli ya mizigo DC Merwestone, iliyoingiwa na maji kwenye chumba cha injini. Dai lilikuwa zaidi ya euro milioni 3. Wenye meli walidanganya kuhusu kengele ya tahadhari, eti ililia ila mabaharia hawakuijali. Baadaye ikaonekana uongo ule haukuwa na maana yoyote, kwani hata bila huo walistahili kulipwa. Majaji wanne kati ya watano wakasema walipwe. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila mawakili wetu wanausoma. Kwa hiyo mtu aliyeongeza mwanga kidogo kwenye bonde la kweli ili lionekane, je, naye apoteze kila kitu? Mimi moyoni nasema hapana, ingawa lile sharti la "hila" likisomwa neno kwa neno linaweza kummeza. Nimewahi kumwandikia mtu wa aina hiyo ripoti nzuri, na sikulala vizuri sana. Mzee wangu lakini hayumo humo. Uongo wake ulikuwa na bei, na bei yenyewe iko kwenye makadirio ya gereji.

Kingine kinachonitesa ni picha iliyokatwa. Hujafuta kitu, umesogeza tu ukingo hadi geti likatoka nje. Wenzangu wengine wanasema ni yaleyale. Mimi nauliza kwanza kama aliulizwa atume gari zima. Kama aliulizwa akatuma kipande, basi kaficha. Kama hakuulizwa, najilaumu mimi niliyemtumia maelekezo ya mstari mmoja.

Na tafadhali, acheni kunitumia video za "jinsi wanavyokukamata kwa taarifa za ndani ya picha". Ndiyo, naziangalia:

```
exiftool -DateTimeOriginal -ModifyDate -Software picha3.jpg
```

Zikija, zinasema saa ya kupigwa, saa ya kubadilishwa, na programu iliyogusa mwisho. Lakini picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, kwa hiyo utupu hauthibitishi chochote. Simu yenye saa mbovu itadanganya bila mwenyewe kujua. Jina la programu linaweza kuonekana hata kama umezungusha picha tu ikae wima. Naziomba faili halisi, nazisoma, kisha naenda kuligusa gari. Sijawahi kuandika "udanganyifu" kwa sababu ya saa pekee.

Macho nayo hudanganya. Miaka ya nyuma nilipata picha yenye mikwaruzo miwili inayofanana kama mapacha, urefu uleule, kona ileile. Nikajiambia huyu kanakili mkwaruzo mmoja akaubandika mara ya pili. Nikampigia dada wa watu kwa sauti ambayo leo naionea aibu. Nilipofika kwenye gari, mikwaruzo ilikuwa miwili kweli. Toroli lililomgonga lilikuwa na vyuma viwili sambamba.

Kwa mzee, ripoti niliandika nilichoona: kimo, kutu, rangi ya bluu, doa la uji. Uamuzi ni wa kampuni, nayo ilikataa dai lote. Kwenye mkataba wake alikuwa anabeba mwenyewe 250,000 ya kwanza kwa kila tukio. Bila kufuta kitu, angepata 470,000 kwa ajali ya bajaji. Na lile geti, kwa kuwa alikwaruza akiwa na bima kubwa hiyohiyo, angeliripoti siku ile kama tukio la pekee, angepata hata 130,000. Nilimwandikia hesabu hii nyuma ya bahasha pale gereji.

Aliitazama muda. Akauliza, "Sasa nikikutumia zile ambazo hazijasafishwa?"

Nikamwambia zitume, nitaziweka kwenye faili, lakini zile za kwanza nazo zinabaki humo. Akampigia mjukuu, akamwuliza kama za asili bado anazo. Mjukuu alikuwa amezifuta ili simu ipate nafasi.